Kutunza chakula kikiwa moto kwenye chafindishi: joto, kukoroga na kupima jeli

Kosa ninaloliona kuliko mengine yote kwenye bafe ni hili: mpishi anaepua mchuzi ukiwa na uvuguvugu wa kuridhisha, anaumimina kwenye chafindishi, anawasha jeli ya spiriti iliyo kwenye vikopo vya chini, kisha anaiachia jeli imalizie kazi ya jiko. Jeli haiwezi kazi hiyo. Chafindishi, yaani lile chombo la bafe lenye kifuniko, trei ya maji katikati na vikopo vya moto chini, limeundwa kulinda joto ambalo chakula kimekuja nalo. Benmari, yaani sanduku la umeme lenye maji ya moto, ni vivyo hivyo ingawa lina nguvu zaidi. Ukilielewa hilo, kilichobaki ni kulichunga lile joto lisivuje.

Nitafuata chombo kimoja tu, chafindishi ya kawaida ya mstatili yenye trei ya chakula ya sentimita 53 kwa 32.5, ikiwa na mchuzi mzito wa kuku, tangu maji yanapowekwa hadi mgeni wa mwisho. Wali una tabia zake, nitaugusia unapofika mahali pake.

Joto la kulenga

Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kikae juu ya nyuzi joto 60 za Selsiasi mpaka kinapoliwa. Uingereza sheria yao ni 63, na mwongozo wa vyakula wa Marekani unaruhusu 57. Kanuni za unakofanyia kazi ndizo zinazokufunga. Kwa upande wangu nimeshika 63 kama sakafu ambayo chakula hakiruhusiwi kuigusa, na ninalenga 70. Zile nyuzi saba za ziada zina kazi. Kila mgeni anapoinua kifuniko joto linatoroka, na pembe za trei siku zote ni baridi kuliko katikati. Ukilenga 63 kamili, pembeni utakuwa umeshuka zamani bila kujua.

Upande wa juu nao una mpaka. Mchuzi ukikaa juu ya nyuzi 80 kwa saa mbili unakauka, mafuta yanajitenga, kuku anachambuka nyuzinyuzi na chini panaanza kushika. Kwa hiyo uwanja wako ni kati ya 65 na 75.

Kwa nini sakafu iwe hapo? Kuna bakteria anayeitwa Klostridiamu perfrinjensi, anayependa sana nyama na michuzi mizito iliyopikwa kwa wingi. Anatengeneza spora, mfano wa mbegu ngumu, ambazo hazifi mchuzi unapochemka. Zinangoja. Mchuzi ukipoa hadi kwenye nyuzi 43 au 45, spora zinachipua na bakteria wanaweza kujigawa mara mbili kila baada ya dakika 10 hivi. Hesabu mwenyewe: mmoja anakuwa 64 kwa saa moja, na zaidi ya 4,000 kwa saa mbili. Juu ya nyuzi 60 hakui. Mchuzi wa namna hiyo haunuki wala haubadiliki ladha, ndiyo maana pua na ulimi havitakusaidia hapa. Utakaokusaidia ni mshale wa kipimajoto.

Kipimajoto kwanza

Nunua kile chenye sindano ndefu ya kuchomeka. Vile vya kuelekeza mwanga kutoka mbali vinasoma ngozi ya juu ya chakula tu, na juu ya mchuzi uliofunuliwa panaweza kuwa na nyuzi nyingi pungufu kuliko chini yake. Kabla ya shughuli, jaza glasi vipande vya barafu, ongeza maji kidogo, koroga, chomeka sindano bila kugusa glasi. Isome 0, ikizidi au ikipungua ni kwa nyuzi moja tu. Ukitaka kupima kwa maji yanayochemka, kumbuka kwamba 100 ni ya usawa wa bahari. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 maji huchemka karibu na nyuzi 95, na kipimajoto kinachokuonyesha 95 huko hakina kosa.

Sindano ifutwe na kusafishwa kila inapotoka chombo kimoja kwenda kingine. Usiitoe kwenye kuku ukaichomeka kwenye maharage ya mtu asiyekula nyama.

Maji

Hapa ndipo jeli nyingi inapotupwa bure, kwa hiyo tulia nami kidogo.

Trei ya maji inataka kina cha sentimita 2 hivi, ambacho kwa chafindishi ya ukubwa huu ni kama lita 3. Maji hayatakiwi kugusa trei ya chakula. Kinachopasha ni mvuke unaopanda na kugonga chini ya trei ile, ukigeuka matone na kuachia joto lake pale pale. Ukijaza maji mengi yatamwagika unapoteremsha trei ya chakula, tena hayatapata moto kwa wakati. Ukiweka kidogo mno yatakauka katikati ya shughuli na mchuzi utaungua juu ya mwali mtupu.

Maji yawe yanachemka unapoyamimina. Angalia hesabu yake. Kuzipandisha lita 3 za maji ya bomba kutoka nyuzi 25 hadi 95 kunahitaji kilojuli 880 hivi. Kopo la jeli la gramu 200 linatoa karibu nusu kilowati ya joto, makopo mawili kilowati moja, na karibu nusu ya joto hilo linapita pembeni na kwenda hewani. Ina maana makopo yako mawili yatahangaika nusu saa nzima kabla mvuke haujaanza kufanya kazi, na yatakuwa yamekula gramu 90, karibu nusu ya kopo moja, kwa kazi ambayo birika jikoni ingeifanya kwa dakika chache. Zidisha kwa chafindishi nane. Hayo ni makopo manne kasoro kidogo yaliyoteketea kabla sahani ya kwanza haijajaa.

Basi mimina maji yanayochemka, washa makopo mawili, weka trei ya chakula ikiwa tupu juu yake na ufunike. Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Trei tupu inapashwa makusudi, kwa sababu chuma baridi kinanyonya joto la mchuzi mara unapomwagwa. Utajua iko tayari ukiinua kifuniko na mvuke ukakutangulia usoni. Kwa hiyo siku zote inua upande wa mbali kwanza, kifuniko kiwe ngao kati yako na mvuke.

Benmari nayo ni vivyo hivyo, isipokuwa ina kitufe chenye namba. Namba ile ni ya maji wala si ya chakula. Maji ya 85 yanaweza kukushikia mchuzi kwenye 70, na maji ya 70 yatakuachia mchuzi wa 60. Iwashe nusu saa mapema, na jibu la kweli lipate kwa kuchomeka sindano kwenye chakula chenyewe.

Chakula kinapoingia

Mchuzi uingie ukitoka jikoni ukiwa juu ya nyuzi 80. Ule uliopikwa jana na kuhifadhiwa kwenye jokofu upashwe jikoni hadi katikati ya sufuria isome 75 au zaidi, ukikorogwa hadi chini, ndipo uhamishwe. Chafindishi isipewe kazi ya kupasha hata siku moja. Mchuzi mzito hauzunguki wenyewe kama maji. Ungepita katika yale majoto ya 40 na 50 taratibu mno, ambako bakteria niliyemtaja anafurahi.

Trei ya kina cha sentimita 6.5 inashika lita 9 ikijaa pomoni. Mimi naweka lita 6 au 7. Zile za kina cha sentimita 10 zinavutia kwa sababu unajaza mara moja ukasahau, lakini joto linatoka chini tu na linachelewa kufika juu. Ni heri trei mbili za kina kifupi zinazopokezana kuliko moja ya kina kirefu.

Kukoroga

Kijana mmoja niliyekuwa nikifanya naye kazi aliwahi kunifuata mbio: "Dada, maji yanachemka kabisa, moto upo, mbona mgeni anasema mchuzi umepoa?" Nilichomeka sindano katikati, karibu na chini: 72. Nikaivuta hadi sentimita moja chini ya uso wa mchuzi: 61. Nikapeleka kwenye pembe iliyokuwa karibu na mlango: 57. Chombo kimoja, mchuzi mmoja, joto la namna tatu. Nilikoroga kwa nusu dakika, nikapima tena pande zote: 67. Joto lilikuwamo muda wote, ila lilikuwa limelala chini, na upawa wa mgeni unachota juu.

Hivi ndivyo ninavyokoroga. Nachukua mwiko bapa au kijiko kirefu, nakitelemsha ukutani mwa trei hadi kigonge chini, nakisogeza chini kwa chini kuelekea katikati, kisha nainua na kukigeuza ili cha chini kije juu. Nafanya pande zote nne, na pembe zote nne. Kuzungusha kijiko katikati kama mtu anayekoroga chai hakusaidii kitu. Unazungusha mchuzi wa juu kwa wa juu.

Kila baada ya dakika 15 au 20 inatosha kwa mchuzi. Ukizidisha utamvunja kuku na pia utakuwa unafunua kifuniko mara nyingi. Kati ya hapo, utaona dalili: utando mwembamba uking'aa juu, mafuta yakiganda pembeni mwa trei, au mviringo mkavu wa rangi ya kahawia ukutani pale mchuzi ulipokuwa umefikia. Utando ni ishara kwamba juu pamepoa na kukauka. Ukipitisha kijiko chini na ukakisikia kikikwaruza au kushika, chini kunaungua; punguza mwali wa kopo lililo chini ya sehemu hiyo na uangalie maji kabla ya kufanya jambo jingine.

Wali haukorogwi, unageuzwa. Tumia uma mkubwa au mwiko mwembamba, anza kwenye kingo, inua kutoka chini na uuachie uanguke. Ukiukoroga kama mchuzi utakuwa ugali. Wali hauna umajimaji wa kusambaza joto, kwa hiyo unapoa juu upesi kuliko mchuzi. Uweke kwenye trei kwa kina cha sentimita 4 tu na uufunike muda wote. Uhurumie kidogo lakini usiuamini hata kidogo, na sababu nitaitaja mbele.

Pima kabla ya kukoroga na baada ya kukoroga. Kipimo cha kabla kinakuambia sehemu ya baridi zaidi ilifika wapi. Cha baada kinakuambia joto lote lililomo ni kiasi gani. Kama kabla ulisoma 60 pembeni na baada ukasoma 68 kote, tatizo ni kukoroga. Kama baada ya kukoroga bado ni 63 na inashuka, tatizo ni moto, maji au upepo, na mwiko hautakuokoa.

Jeli na utambi

Kuna makopo ya namna mbili. Ya jeli yana spiriti iliyogandishwa, yanashika moto papo hapo na kopo la gramu 200 huwaka saa mbili na kidogo. Ya utambi yana kimiminika kisichoshika moto kirahisi. Mwali wake unachukua kama dakika 10 hadi uwe na nguvu, lakini kopo linaweza kukaa saa 4 hadi 6 kutegemea ukubwa wake. Kwa shughuli ndefu mahali patulivu napendelea utambi, kwani hakuna kubadilisha katikati ya wageni. Nje au mahali penye pilikapilika natumia jeli, kwa sababu mwali wake naweza kuuongeza na kuupunguza kwa kusogeza kifuniko cha kishikilio kinachobeba kopo.

Muda ulioandikwa kwenye kopo usiutegemee peke yake. Chukua mizani ya jikoni. Pima kopo kabla ya kuwasha, liwashe chini ya chafindishi yenye maji kwa nusu saa, lizime, likipoa lipime tena. Makopo ninayotumia mimi yalipungua gramu 45 kwa nusu saa, yaani gramu 90 kwa saa. Gramu 200 zinagawika hapo kuwa saa mbili na dakika 13. Ukibadilisha aina ya jeli, pima upya. Tofauti kati ya aina na aina ni kubwa.

Kila chafindishi ya ukubwa huu inataka makopo mawili, yakikaa kwenye theluthi ya urefu, moja kila upande. Kopo moja katikati linachemsha kati na kuacha pembe zikiwa baridi. Mwali uishie chini ya trei ya maji. Ukiona unalamba pembeni na kupanda ukutani, ni mkubwa mno; joto lile linakwenda kwenye kifuniko na mikono ya wageni. Mvuke ukishakolea, na hakuna upepo, sogeza vifuniko vya vishikilio vifunike nusu ya mdomo wa kopo. Chakula kinabaki pale pale na kopo linadumu zaidi.

Upepo ni adui mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Kwenye ukumbi mmoja tuliwahi kupanga vyombo vyote chini ya mashine ya kupoza hewa. Miali ilikuwa imelala upande mmoja kama nyasi, ikipasha miguu ya chafindishi badala ya trei. Baada ya saa moja vyombo vitatu vilikuwa chini ya 63 wakati makopo yote yanawaka. Tuligeuza meza, tukaziba nyuma kwa ubao, na katika nusu saa joto lilitulia, ila mchuzi wenyewe tulikuwa tumeshaurudisha jikoni kupashwa. Sasa, kabla sijawasha chochote, nasimamisha kopo moja linalowaka mezani na kutazama mwali kwa dakika moja.

Kuhusu usalama nitasema machache, lakini naomba yashikwe yote. Mwali wa spiriti mchana wa jua karibu hauonekani. Usimimine jeli kwenye kopo linalowaka, wala kwenye kopo la moto unalodhani limezimika, kwa kuwa moto unaweza kuruka na kufuata mkono hadi kwenye chupa. Watu wameungua vibaya kwa njia hiyo. Kopo likiisha linatolewa kwa koleo na jipya linawekwa. Kuzima ni kwa kuziba mdomo wake na kifuniko; usipulize wala usimwagie maji. Na ndani ya chumba fungua madirisha, maana kila mwali unakula hewa ya chumba.

Shughuli moja saa kwa saa

Chakula kinaanza saa sita na nusu mchana na kwisha saa tisa na nusu. Nina trei mbili za mchuzi wa kuku. Ya kwanza mezani, ya pili imebaki jikoni ikiwa kwenye sufuria juu ya moto mdogo.

Saa sita kasorobo namimina lita 3 za maji yanayochemka, nawasha makopo yote mawili, naweka trei tupu na kufunika. Saa sita na robo mchuzi lita 6 unaingia ukiwa na nyuzi 84. Wageni wanapoanza, sindano inasoma 78. Usishtuke joto likishuka mwanzoni. Mchuzi unaelekea pale ambapo joto linaloingia na linalotoka yanalingana. Unachotaka kujua ni kwamba linatulia wapi.

Saa saba kamili ni 73. Saa saba na nusu, katikati 71, pembeni 64. Nakoroga, kote 69. Limetulia. Wakati huohuo nainua trei kidogo kutazama maji, naongeza nusu lita ya maji yanayochemka. Ukiongeza ya bomba, mvuke unakatika ghafla na utasubiri dakika kadhaa urudi.

Saa saba na nusu hiyo hiyo nabadilisha kopo la kwanza, ingawa bado lina gramu 43. La pili nalibadilisha saa nane kasorobo, likiwa na gramu 20. Makopo yaliyowashwa pamoja huzimika pamoja, kama saa nane kasoro dakika mbili hivi, na kwa kawaida ni wakati ambao msaidizi yuko mbali akikusanya sahani. Nikitenganisha kwa robo saa, hakuna dakika ambayo chombo hakina moto kabisa. Makopo mapya yananifikisha saa tisa na nusu na kupita kidogo.

Saa nane na robo mchuzi umebaki kama lita moja na nusu. Hapa wengi hufanya kosa la kumimina mchuzi mpya juu ya ule wa zamani. Mchuzi wa zamani umepitiwa na upawa wa watu wengi na umekaa saa mbili. Ukichanganya, umri wote wa chombo unakuwa ule wa zamani, na hutajua tena unaanza kuhesabu wapi. Pia tabaka jembamba lile lina uso mpana na mwili mdogo, linapoa na kukauka haraka. Naitoa trei nzima, naweka trei safi iliyopashwa moto, ikiwa na mchuzi wa pili wa nyuzi 82. Kubadilisha kunachukua chini ya dakika moja kama trei ya pili iko tayari karibu.

Saa tisa napima kabla ya kukoroga: 72 katikati, 66 pembeni. Saa tisa na nusu naziba makopo.

Joto likishuka chini ya 63

Jiulize swali moja: mara ya mwisho niliposoma juu ya 63 ilikuwa lini? Ndiyo maana kila kipimo kiandikwe na saa yake, hata kwenye kipande cha karatasi. Kama ilikuwa dakika 20 zilizopita, toa trei, rudisha mchuzi kwenye sufuria, upashe hadi 75 kote huku ukikoroga, kisha tafuta kilichoangusha joto kabla ya kuurudisha mezani. Kama zimepita saa mbili, au hukuandika na hujui, mchuzi ule umekwisha.

Wali ndio unaotaka ukali zaidi. Bakteria wake, Basilasi sereusi, naye ana spora zinazopona kuchemshwa, na baadhi yake hutengeneza sumu ya kutapisha ambayo hata ukichemsha upya haiharibiki. Unaweza kumuua bakteria na sumu ikabaki pale pale. Kwa hiyo wali uliokaa vuguvugu kwa saa nyingi haurudishwi jikoni kwa tumaini la kuuokoa. Unamwagwa.

Trei ya mchuzi iliyokaa mezani nayo siirudishi kwenye jokofu, ila ule uliobaki sufuriani jikoni bila kutoka unaweza kupozwa haraka kwenye vyombo vya kina kifupi.

Makopo yakishapoa kabisa, napima kila moja kwenye mizani na kuandika gramu juu ya kifuniko chake kwa kalamu ya wino mzito. Siku hiyo yalibaki manne: 43, 20, 20 na 43. Kopo la gramu 43 lina kama dakika 28 ndani yake, na hilo ndilo ninalowasha kwanza kwenye shughuli inayofuata, wakati trei bado ni tupu, ili kopo jipya liwashwe pale chakula kinapoingia.